Bega la roboti, 100:1 kwa hatua moja: gia ya mawimbi au saikloidi?

Mkono6: Wakuu, nachagua giaboksi ya bega la roboti. Nataka 100:1 kwa hatua moja, isicheze, yaani isiwe na ulegevu. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Beringi: Mkono una urefu gani? Unabeba kilo ngapi? Kuna hatari ya kugonga kitu? Bila hayo tutabahatisha tu.

Tunu: Ya mawimbi, basi. Haina mchezo, kwa hiyo ncha haitasogea.

Mama Nati: Mchezo haina, ila kusogea itasogea. Kile kikombe chembamba chenye meno kilicho ndani yake ni springi. Tuseme ugumu wake ni 12,000 Nm kwa radiani, umeipa 24 Nm: inajipinda radiani 0.002, na kwenye mkono wa mm 600 hiyo ni mm 1.2. Kwenye saikloidi, ile ya diski yenye vinundu, yaani lobu, inayobingirika ndani ya pete ya pini, zile pini nyingine za kutolea mzunguko zikiwa mm 25 kutoka katikati na matundu yamelegea mm 0.05, unapata radiani 0.002 zilezile. Lakini ya mawimbi hurudi mzigo ukitoka, hivyo programu inaweza kufidia. Saikloidi iliyolegea huruka ghafla mzigo unapogeuka upande.

Mkono6: Samahani, ni mm 600, kilo 4 kwenye ncha.

Beringi: Hizo peke yake ni 23.5 Nm, bado uzito wa mkono wenyewe na nguvu ya kuanzia mwendo. Na kugonga hujajibu.

Kitasa: Geti langu lina gia ya nyungunyungu 60:1, halirudi nyuma hata umeme ukikatika. Kwa nini msitumie hiyo?

Tunu: Geti halishiki bisibisi, ndugu.

Beringi: Nauliza kugonga kwa sababu gia moja ya mawimbi iliyokuja mezani kwangu ilikuwa imeruka meno. Kikombe kina meno 200, pete ya nje 202. Mkono ulipogonga fremu, kikombe kilinyumbuka, meno yakapandana, yakashikana upya yakiwa yameegemea upande mmoja. Iliendelea kuzunguka, ndiyo maana haikushtukiwa. Dalili: ukizungusha kwa mkono, uzito haulingani, na mota inatetema. Kikombe kikaanza ufa chini. Kosa hilohilo hutokea wakati wa kuunga, ukigongelea kwa nyundo kitovu cha duaradufu, kile kinachokaa ndani ya kikombe na kukinyumbua. Kiingize taratibu huku ukikizungusha.

Tunu: Basi saikloidi. Inastahimili vishindo.

Mama Nati: Kweli, lobu nyingi hugawana mzigo. Ila 100:1 kwa hatua moja inataka pini 101 kwenye pete ya nje. Zikipangwa kwenye duara la mm 80, kutoka pini hadi pini ni mm 2.5 hivi. Nani atakuchongea hiyo kwa usahihi? Ndiyo maana za roboti kubwa hutanguliwa na hatua ya gia za sayari.

Mkono6: Hatua mbili sitaki, itakuwa ndefu. Kugonga kunaweza kutokea, kuna watu karibu.

Beringi: Watu karibu? Hapo anza na kikomo cha mkondo wa mota, giaboksi baadaye. Breki ipo?

Tunu: Na grisi mtaweka gani? Ya beringi za magari inatosha?

Mama Nati: Kwa ya mawimbi, hapana. Fuata ya mtengenezaji.

Mkono6: Breki sijaiweka kwenye mchoro. Inakaa upande wa mota au baada ya giaboksi?