Tangi la upanuzi la maji ya kupozea: chini kando ya pampu au juu ya paa?

Kalenga (Lubumbashi)
Ndugu zangu, jengo letu litakuwa na mzunguko uliofungwa wa maji ya kupozea, lita 12,000, na kimo cha mita 60 kutoka chumba cha mashine hadi bomba la juu kabisa. Mwenye jengo anataka tangi likae chini, mimi naelekea paa. Vali ya usalama ya chini hufunguka kwenye bar 10, kwa hiyo sitaki kupita bar 9.

Furaha (Bukavu)
Maji hayo hubaki kati ya nyuzi 6 na 12, hayapanuki karibu chochote. Tangi la lita 50 linatosha popote.

Mzee Banza (Lubumbashi)
Dada Furaha, hiyo ni kweli mashine zikifanya kazi. Umeme wa SNEL ukikatika mchana kutwa, maji hupata joto la jengo. Kutoka nyuzi 4 hadi 35 hupanuka karibu asilimia 0.6, yaani lita 72, na nikiongeza akiba ya lita 60 ninapata 132.

Maji ya mita 60 yana uzito wa bar 5.9. Ili bar 0.5 ibaki juu, hewa ya tangi la chini ijazwe bar 6.4, na presha ipande hadi 9. Tangi likiwa usawa wa bomba la juu, ni kutoka 0.5 hadi 3.1. Tofauti ni ileile 2.6, lakini hewa iliyokwisha kubanwa sana haina nafasi kubwa tena ya kubanwa. Gawanya 2.6 kwa presha ya mwisho pamoja na ya angahewa, ambayo hapa kwetu ni karibu 0.88, upate sehemu ya tangi inayoweza kupokea maji, kisha gawanya lita 132 kwa sehemu hiyo: chini utahitaji tangi la lita 500, juu lita 200.

Mulumba (Goma)
Tangi letu la maji ya kunywa tulilijaza hewa bar 2, na bado pampu inawaka na kuzima kila mara.

Mzee Banza
Hilo ni jambo lingine, ndugu, ila bonyeza sindano ya vali ya hewa: maji yakitoka, utando wa mpira umepasuka. Hewa yenyewe ipimwe baada ya kufunga tangi na kumwaga maji yake.

Furaha
Nimeelewa. Je, kifaa chenye pampu na vali ya umeme ya kutoa maji yaliyozidi hakitapunguza tangi?

Mzee Banza
Kitapunguza, lakini maji hupata joto wakati uleule umeme haupo. Vali ikibaki imefungwa, vali ya usalama itamwaga. Maji yakipoa tena, pampu itaingiza maji mapya yenye oksijeni, na mabomba ya chuma yatashika kutu.

Kalenga
Jenereta yetu inalisha lifti na taa tu, basi tangi la utando juu ya paa. Pampu ya kujaza itabaki chini, nayo lazima isukume zaidi ya bar 6.4. Ila mashine ya kupoza imeandikwa bar 10, na pampu ya mzunguko, inayosukuma maji kuingia ndani yake, inaongeza 2.5.

Mzee Banza
Hapo ndipo penye hatari, hata tangi likiwa juu. Ningeiweka mashine kabla ya pampu, mradi maji yasipungue presha kwenye mdomo wa pampu, au ningeagiza ya bar 16. Leta mchoro wa mabomba kabla hujaagiza chochote.