Simu imejaa: nimepanga faili kwa ukubwa, nimefuta, nafasi hairudi

Mwalimu_Arua: Habarini ndugu zangu. Simu yangu ya GB 32 imegoma hata kupiga picha. Nimeingia Files ya Google, sehemu ya video, nikapanga kwa Largest first na kufuta video tatu za juu, jumla GB 2.6. Nafasi imebaki vilevile. Za kwaya sitaki kuzigusa. Nifanyeje?

Kaka_Gulu: Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya WhatsApp, bonyeza Clear data. Nafasi inarudi papo hapo.

Fundi_Kampala: Kaka, nafasi itarudi kweli, ila WhatsApp itaanza upya, na meseji ambazo hazikuhifadhiwa zitapotea. Cha kufutwa bila hofu ni Clear cache, nayo hujaa tena.

Mwalimu, video zako zimehamia Trash. Huko hukaa siku 30 na bado zinakula nafasi. Fungua menyu ya Files, ingia Trash, zifute kabisa. Angalia kwanza kama hakuna ya kwaya iliyoingia humo.

Jambo jingine: kupanga kwa ukubwa kunaonyesha faili moja moja. Picha 5,000 za KB 200 kila moja ni karibu GB 1, lakini hutaziona juu ya orodha hata siku moja. Kwa hizo ingia WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage. Hapo mazungumzo yamepangwa kwa uzito, na kundi lenye picha nyingi ndogo linajitokeza lenyewe.

Mama_Malaba: Hata mimi! Bando langu linaisha kabla ya jioni, nafuta picha lakini wapi.

Fundi_Kampala: Pole mama. Bando ni jambo lingine, kufuta hakulirudishi. Ila kwenye Storage and data hiyohiyo, zima upakuaji wa picha na video chini ya Media auto-download. Itapunguza matumizi ya bando na kujaa kwa simu.

Mwalimu_Arua: Asante fundi, GB 2.6 zimerudi. Kundi la wazazi wa shule lilikuwa na GB 4, karibu zote picha za salamu za asubuhi. Sasa nimeona folda ya Databases, ina faili nzito zinazoanza na msgstore. Nifute?

Fundi_Kampala: Hizo ni nakala za meseji zako. Zenye tarehe kwenye jina ni za zamani, unaweza kuzifuta. Ile msgstore.db isiyo na tarehe iache, ndiyo ya karibuni. Angalia pia folda ya Sent ndani ya WhatsApp Video: video uliyotuma mara nyingi huacha nakala ya pili pale.

Kaka_Gulu: Na ile System inayokula GB 11 kwangu?

Fundi_Kampala: Hiyo ni ya simu yenyewe, hakuna orodha ya kuipanga. Kama simu ina sehemu ya memori kadi, hamishia video huko.

Mwalimu_Arua: Yangu haina. Za kwaya nitazihamishia kwenye kompyuta ya shule, umeme ukirudi.