Mabaki ya mafuta ghafi: kuyakeneka upya au kuyavunja?

Mwanakatuba: Ndugu zangu, ninajitayarisha kwa mtihani wa serikali hapa Lubumbashi. Mnara wa kukenekea ukishatoa gesi, esansi, mafuta ya taa na mazutu, chini hubaki mafuta mazito sana. Tukitaka esansi zaidi, je, tuyakeneke mabaki hayo upya, tuyavunje kwa joto na mvuke, au kwa kichocheo?

Fundi wa Ruashi: Ongeza moto tu, kwa kuwa kila kimiminika kina kiwango chake cha kuchemka. Kuhusu kuvunja, mlinganyo ni huu: C₁₀H₂₂ → C₈H₁₈ + C₂H₆.

Mwalimu wa Kemia: Ndugu Fundi, hesabu hidrojeni: kushoto ziko 22, kulia 24. Mnyororo wa kaboni ukikatika bila kuongezewa hidrojeni, kipande kimoja hubaki na upungufu wa hidrojeni mbili, nacho ndicho alkeni:

C₁₀H₂₂ → C₈H₁₈ + C₂H₄

Moto nao una mpaka. Kupita nyuzi 370 hivi, molekuli nzito huanza kukatika ovyo ndani ya mabomba ya tanuri na kuacha kaboni inayoyaziba. Ndiyo sababu mabaki hupelekwa kwenye mnara wa pili, ambamo shinikizo hupunguzwa ili yachemke kabla hayajafikia joto hilo. Hata hivyo, kukeneka hutenganisha tu kilichomo. Esansi isiyokuwemo haitatoka.

Kwa mvuke, kwenye nyuzi 800 na zaidi, kwa muda usiofika sekunde moja, mnyororo hudondosha etheni, yaani C₂H₄, moja baada ya nyingine. Hiyo ni njia ya mtengeneza plastiki. Kwa esansi ningechagua kichocheo kiitwacho zeoliti, kwenye nyuzi 500 hivi, kwa sababu minyororo hukatika zaidi katikati na kuota matawi yanayoinua oktani, yaani uwezo wa esansi kutolipuka mapema ndani ya injini. Kwa mfano:

C₁₆H₃₄ → C₈H₁₈ + 2C₄H₈

Gharama yake ni kwamba kaboni huifunika zeoliti katika sekunde chache. Kwa hiyo unga wake hutiririshwa hadi chombo kingine, kaboni ikaunguzwa kwa hewa, kisha unga ukarudi ukiwa umebeba joto lile lile ambalo uvunjaji unalihitaji. Ubunifu huo hunifurahisha kila mara.

Baba Jenereta: Mazutu yangu hutoa moshi mweusi. Je, unga huo unauzwa sokoni?

Mwalimu wa Kemia: Hapana, baba, wala usijaribu kuyapasha mafuta nyumbani. Mwite fundi akague kwanza kichujio cha hewa na sindano za mafuta.

Mwanakatuba: Asante, mwalimu. Nikiandika C₁₆H₃₄ → C₁₀H₂₂ + 3C₂H₄, nitakosea?

Mwalimu wa Kemia: Mlinganyo umekaa sawa, ingawa unafanana zaidi na kazi ya mvuke. Katika tanuri halisi milinganyo mingi hutokea kwa pamoja. Ukitaka kuhakikisha kwamba alkeni imepatikana, tikisa zao hilo na maji ya bromini: rangi yake itapotea upesi, hata gizani.

Fundi wa Ruashi: Hesabu ya hidrojeni nimeikubali. Lakini mkaguzi wa mtihani akidai alkeni moja tu, mtoto ataandika ipi?