Naomba ushauri: akidi ya "wanachama hai" inahesabiwaje?

Habari za jioni wakuu. Nimechaguliwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana huku Tabata. Mwenyekiti anataka nitoe kwenye katiba ukurasa mmoja wenye ada, akidi na muda wa viongozi, tuurushe kwenye grupu. Ada haina shida: kiingilio 20,000, kila mwezi 5,000. Uongozi ni miaka 3, mwisho vipindi viwili.

Kinachonitoa jasho ni akidi. Ibara ya mikutano inasema "nusu ya wanachama hai", basi. Hai ni nani? Jibu nimelikuta mbali, limejificha kwenye ibara ya ada: anayedaiwa miezi 3 mfululizo si hai mpaka alipe.

Daftari lina majina 60, wadaiwa wa aina hiyo 14. Hai ni 46, akidi 23. Mkutano uliotuchagua walisaini 25, ila leja ya mweka hazina inaonyesha 4 kati yao walikuwa wadaiwa. Wanabaki 21, akidi haijatimia. Lakini hao 4 walilipa mlangoni siku hiyohiyo! Tukiwahesabu, hai wanakuwa 50, akidi 25, na waliohudhuria ni 25 kamili.

Sasa, malipo ya mlangoni yanamrudisha mtu papo hapo, au mpaka kamati imthibitishe? Katiba imenyamaza. Wenzangu kwenye kamati wanasema niache kuchokonoa. Mngekuwa nyie mngeitisha mkutano wa kuthibitisha uchaguzi? Na kwenye ukurasa wangu nafikiria kuandika kanuni na namba za ibara zote mbili, maana idadi ya hai hubadilika kila mwezi. Mnaonaje?