Karuseli ya maji ya chumvi na sukari: tuchore kwanza au tuandike kwanza?

Mwanzisha mada: Tunaandaa karuseli ya Instagram kuhusu maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mwenzangu anataka tuchore mpangilio wa slaidi kwenye karatasi kabla ya kuandika maneno ya mwisho. Mimi naona ni kupoteza muda, kwa kuwa maandishi ndiyo yatakayosomwa. Naomba maoni yenu.

Msanifu wa Mwanza: Mwenzako ana haki, na mada yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Chukua karatasi ya A4, ikunje katikati mara tatu, nawe utapata vyumba vinane, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 74 na urefu wa milimita 105. Slaidi ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 ni fupi kidogo kuliko chumba hicho, kwa hiyo piga mstari kwenye milimita 92 kutoka juu. Juu ya mstari ni slaidi yako. Ule ukanda unaobaki chini ni mahali pa kuandika kwa penseli kazi ya slaidi hiyo, kwa mfano "hapa mzazi anaona vipimo". Ndani ya slaidi usiandike sentensi yoyote. Chora chupa, kijiko, uso wa mtoto, na mahali pa maneno weka mistari mitupu. Baada ya hapo kata vyumba kwa mkasi uvipange mezani, maana karatasi isiyokatwa humfanya mtu auzoee mpangilio wa kwanza uliomjia kichwani.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea rasimu kama yako, ikiwa tayari imeandikwa kwa ufasaha. Ilianza na jalada, ikafuata maana ya kuharisha, visababishi, dalili za kupungukiwa maji mwilini, kisha slaidi ya maji, slaidi ya sukari, slaidi ya chumvi, na mwisho kwenda kituo cha afya. Kwenye maandishi ilisomeka vizuri kabisa. Ilipochorwa, meza ilionyesha chupa ikitokea kwenye chumba cha tano, yaani mzazi mwenye mtoto mgonjwa anatelezesha kidole mara nne kabla hajaambiwa la kufanya. Kubwa zaidi, vipimo vilikuwa vimetawanyika katika slaidi tatu, ilhali sote tunajua kwamba watu hupiga picha ya skrini ya slaidi moja na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Atakayepokea ile ya chumvi peke yake atatia chumvi kwenye maji ya kiasi gani?

Tuliunganisha vyumba vitatu kuwa kimoja: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikionekana kwa pamoja. Chumba hicho tulikisogeza kikawa cha pili, kwa sababu Instagram huweza kumwonyesha slaidi ya pili mtu aliyeipita ya kwanza bila kutelezesha. Waandishi hawayaoni mambo haya, kwa kuwa maneno yao wakishayapenda hawakubali tena yahamishwe.

Mhariri wa Ilala: Ndugu msanifu, ungeishia kwenye vipimo tungeelewana, lakini sentensi yako ya mwisho imetukosea heshima. Kuhamisha aya ndiyo kazi yetu ya kila siku. Wanaokataa kuhamisha ni ninyi, ambao hutandaza picha moja ya pikseli 3240 nyuma ya slaidi tatu ili mstari uvuke kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu akiomba slaidi ya tatu itangulie ya pili anaambiwa kwamba mkono wa mama utakatika.

Hata hiyo mistari mitupu yako inadanganya. Mahali ulipochora mistari miwili patatakiwa kukaa "kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu", na maneno hayo hayaingii hapo ila kwa herufi ndogo ambazo bibi mwenye simu ya kioo kilichopasuka hataziona. Mchoro unaahidi nafasi ambayo Kiswahili hakiwezi kuitimiza. Andika kwanza, ujue uzito wa maneno yako, ndipo ugawe vyumba.

Msanifu wa Mwanza: Picha inayovuka kingo huja baada ya mpangilio kukubaliwa na watu wote, na ndiyo maana nasisitiza karatasi. Aliyeitandaza kabla ya hapo hakufuata utaratibu, nawe usituhukumu sote kwa kosa lake. Mwandishi anayeletewa vyumba vilivyokwisha kupangwa huandika haraka zaidi na hachoki kurudiarudia.

Fundi wa Likoni: Ndugu zangu, mnagombana bure. Slaidi haziwezi kuzidi 10, na ile ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zote zinazofuata. Mtu akishika hayo mawili mpangilio unajileta wenyewe. Karatasi ya nini?

Mhariri wa Ilala: La umbo ni kweli: ukianza na mraba, zinazofuata zitakatwa ziwe mraba. Kikomo cha slaidi 10 kilikuwepo tangu karuseli zilipoanza mwaka 2017, lakini Agosti 2024 kiliongezwa hadi 20. Tangu hapo wateja wanadhani wakipewa nafasi ya 20 ni lazima zijae. Na bado sijajibiwa kuhusu mistari mitupu.

Mwalimu wa Morogoro: Mhariri amedai jibu la haki, nami nitajaribu kulitoa, kwa sababu nafundisha vijana kazi hii. Kasoro anayoitaja ipo, ila dawa yake haihitaji tuanze na maandishi kamili. Chukua sentensi moja tu, ile ndefu kuliko zote ambayo huwezi kuifupisha bila kupotosha maana, uiandike kwa mkono ndani ya chumba cha milimita 74 kwa herufi zinazosomeka ukiwa umenyoosha mkono. Katika mada hii sentensi hiyo ni ya kusawazisha kijiko. Ikikataa kuingia pamoja na vipimo vingine, umeshajua kwamba inahitaji slaidi yake, ya tatu, yenye mchoro wa kisu kikipita juu ya kijiko. Sentensi nyingine zote zibaki mistari mitupu.

Ninaushikilia utupu huo kwa sababu ya vipimo viwili ninavyowapa wanafunzi. Cha kwanza, ondoa chumba kimoja mezani, kisha mwombe mtu asiyeijua mada asimulie hadithi kwa kunyooshea picha kidole. Akisimulia bila kukwama, chumba ulichokiondoa hakikuwa na kazi. Cha pili, badilisha nafasi za vyumba viwili vinavyofuatana. Asipogundua chochote, hapo una orodha, na orodha inaweza kubanwa ndani ya slaidi moja. Maneno mazuri yakiwemo, vipimo hivi havifanyi kazi, kwani msimuliaji atasoma sentensi na sentensi itaziba pengo ambalo picha zilikuwa zinalifichua. Maana ya kuharisha na visababishi, katika ile rasimu ya mteja, vingeondoka kwenye kipimo cha kwanza.

Muuguzi wa Muheza: Nimewasoma nikashangaa mnajadili penseli na maneno, hali swali ni kama watu wafundishwe kuchanganya chumvi na sukari nyumbani au la. Kazini kwetu tunasema pakiti ya ORS kwanza, kwa kuwa vipimo vyake vimeshapimwa. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa pale pakiti inapokosekana, na hatari yake ni chumvi kuzidi. Tunawaambia akina mama waonje kabla ya kumpa mtoto: yakiwa na chumvi kuliko machozi, wayamwage watengeneze upya. Hata pakiti ina masharti yake, kwani nyingine ni za lita moja na nyingine ni za kiasi kidogo zaidi, hivyo ni lazima isomwe. Maji yakishachanganywa yasipitishe saa 24. Mtoto akitapika, subirini kama dakika 10, kisha mwendelee kumpa polepole kwa kijiko, na anayenyonya aendelee kunyonya. Tafadhali, haya yasiachwe.

Mwanzisha mada: Dada muuguzi, nakushukuru sana, ingawa swali langu lilikuwa jingine. Wakati mnaandika tulikuwa na karatasi mezani, na maelezo yako yametulazimisha kukata vyumba viwili vipya. Pakiti imeingia ya pili na vipimo vya nyumbani vikasogea hadi ya tatu. Hapo msanifu atatuambia kwamba tumempoteza yule anayeonyeshwa slaidi ya pili peke yake.

Msanifu wa Mwanza: Hamjampoteza. Atakayeiona pakiti peke yake ameona jambo sahihi na salama zaidi. Linalonipa wasiwasi ni picha ya skrini ya vipimo: katika chumba hichohicho wekeni kwa udogo mchoro wa pakiti na maneno "ikikosekana pakiti", ili slaidi hiyo ikisafiri peke yake isidhaniwe kuwa ndiyo chaguo la kwanza. Onjo la machozi nalo likae humo humo.

Mhariri wa Ilala: Sasa chumba kimoja kina chupa, sukari, chumvi, pakiti, sharti na onjo. Nani ataamua kipi kiondoke? Nimesema tangu mwanzo kwamba hili ni swali la maneno, na anayepaswa kuliamua ni mwandishi akiwa ameketi na muuguzi. Msanifu asituletee vyumba vilivyokwisha kufungwa.

Mwalimu wa Morogoro: Wala mwandishi asituletee aya zilizokwisha kupigwa pasi. Wote watatu wakae kwenye meza moja yenye karatasi, na muuguzi ndiye ashike mkasi. Kwenye chumba hicho mimi ningebakisha vipimo vitatu na sharti la pakiti, kisha onjo likaenda na kijiko kwenye slaidi inayofuata, maana yote mawili ni namna ya kuhakikisha chumvi haijazidi.

Muuguzi wa Muheza: Mkasi nitaushika, na chumba cha kwanza kitakachohama ni cha dalili za hatari. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyobonyea au anayetoa kinyesi chenye damu hahitaji mama yake aanze kupima sukari. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya wakati huohuo. Ninyi mmeziweka mwisho.

Msanifu wa Mwanza: Mwisho ndipo anapoachiwa mtu la kufanya baadaye, dada, na slaidi ya kwanza yenye picha ya mtoto aliyelegea itawatisha wengi wapite bila kufungua. Ninaogopa tutawakosa walewale tunaowatafuta.

Muuguzi wa Muheza: Nami ninaogopa yule atakayeishia slaidi ya tatu, aridhike, na kubaki nyumbani na mtoto mwenye macho yaliyobonyea.

Mwanzisha mada: Tumepanga safu mbili mezani, moja ikiwa na dalili za hatari kwenye chumba cha pili na nyingine zikiwa mwisho, na ndani ya chumba chochote hakuna sentensi iliyoandikwa ila ile ya kijiko. Kesho tutawaonyesha akina mama wanaosubiri kliniki safu zote mbili, wasimulie kwa kidole kama mwalimu alivyosema. Mhariri, kama una nafasi, njoo usikilize maneno watakayoyatumia.

Mhariri wa Ilala: Nitakuja na daftari. Lakini kuhusu mistari mitupu, msimamo wangu ni uleule.