Taarifa ya ufunguzi wa kiwanda cha mboga: tuanze na mgeni rasmi au na kiwanda?

Kalamu_Mpya:
Wadau, habari zenu. Nimepewa kazi ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari vya eneo letu kuhusu ufunguzi wa kiwanda cha kusindika mboga. Nina rasimu mbili. Ya kwanza inaanza na mgeni rasmi atakayekata utepe. Ya pili inaanza hivi: "Kiwanda chenye uwezo wa tani 8 kwa siku kitafunguliwa Jumamosi." Bosi anataka ya kwanza, mimi naipenda ya pili. Nitume ipi?

MezaYaHabari:
Ndugu, kabla ya kuchagua tuambie kwanza: tani 8 za nini? Mboga mbichi zinazoingia getini au bidhaa inayotoka? Kama mnakausha majani, karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo tani 8 mbichi zitakuachia chini ya tani moja. Mwandishi akichanganya hapo, habari nzima ni kosa. Pia, mnaanza kununua lini? Na unaowatumia ni redio au magazeti?

Sauti_ya_Soko:
Mgeni rasmi aanze. Bila jina kubwa hakuna mwandishi atakayekuja. Ila jiandae kulipa, redio hazisomi matangazo bure.

MezaYaHabari:
Hilo ni tangazo la biashara, Sauti. Yeye anauliza taarifa ya habari, na hiyo hailipiwi. Kuhusu jina kubwa uko sahihi nusu: linamleta mpiga picha, lakini kesho yake msikilizaji hana cha kukumbuka.

Bibi_Shamba:
Mimi ni mkulima, na naomba mnisikilize kwa sababu hili lilitukuta. Kiwanda kilitangaza ufunguzi, taarifa ikasema "kitanunua mboga za wakulima wote wa eneo hili". Mtangazaji akaisoma kama ilivyoandikwa. Jumatatu alfajiri tulikuwa getini, mimi na magunia 11 ya mchicha niliouvuna usiku kwa tochi. Mlinzi akatuambia mashine ziko kwenye majaribio, wanapokea kidogo tu kutoka kwa wenye mikataba. Saa nne jua lilikuwa limeshaingia kwenye magunia. Ukitia mkono katikati unahisi joto, majani yameanza kunata. Nilimwaga yote. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyeandika tarehe ya kuanza kununua. Mpaka leo wenzangu hawakiamini kile kiwanda.

Kalamu_Mpya:
Pole sana mama. Umenishtua, maana nasi tumeandika karibu hivyo hivyo. Nimemuuliza meneja uzalishaji: tani 8 ni mboga mbichi mashine zote zikifanya kazi, lakini mwezi wa kwanza tutapokea tani 3 tu kwa siku, karoti na kabichi, kutoka vikundi vilivyosajiliwa. Kununua kunaanza wiki mbili baada ya ufunguzi. Wapokeaji wengi ni redio.

MezaYaHabari:
Basi habari yako ni hiyo. Jaribu hivi:

"Kiwanda kipya cha kusindika mboga kitafunguliwa Jumamosi, lakini kitaanza kununua karoti na kabichi wiki mbili baadaye. Kwa mwezi wa kwanza kitapokea tani 3 za mboga mbichi kwa siku kutoka vikundi vilivyosajiliwa."

Badala ya "wiki mbili baadaye" weka siku na tarehe kamili. Mgeni rasmi aje aya ya pili, na tani 8 ziende chini, zikiitwa uwezo wa juu kabisa. Kisha soma kwa sauti ukiwa na saa: ikizidi nusu dakika, mtangazaji ataikata mwenyewe, na huenda akakata ile tarehe. Maneno uyabandike ndani ya barua pepe yenyewe, picha ndizo ziambatishwe.

Mlezi_wa_Lugha:
Samahani, kwa nini "kusindika"? Asili yake ni kukamua mafuta na miwa. Sema "kuchakata".

Bibi_Shamba:
Huku shambani tunasema kusindika na tunaelewana.

Mlezi_wa_Lugha:
Kuelewana si hoja, mama. Mimi ningesema mafuta yanasindikwa, karoti inachakatwa.

Sauti_ya_Soko:
Mimi ningetuma mapema na kuandika juu "isitangazwe kabla ya Jumamosi".

MezaYaHabari:
Magazeti mengi yataheshimu. Redio ndogo yenye mtangazaji mmoja zamu ya asubuhi ataisoma akiifungua tu. Usitume mapema kitu ambacho kikivuja kitakuumiza.

Kalamu_Mpya:
Nimempelekea bosi. Tarehe ya kununua ameikubali, ila anasema mgeni rasmi akishuka aya ya pili ofisi yake italalamika. Je, nikitengeneza mbili, ya magazeti ianze na mgeni na ya redio ianze na tarehe?

MezaYaHabari:
Inawezekana, lakini takwimu ziwe zilezile neno kwa neno, na namba ya simu iwe ya mtu atakayepokea siku hiyo.

Bibi_Shamba:
Magazeti nayo tunasoma, mwanangu.