Grafu ya nishati ya mmenyuko: mimi nasema 175, mwenzangu anasema 75. Nani yuko sawa?

Mama_Umoja
Habari za jioni wadau. Narudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, kemia ndiyo inanisumbua. Kuna swali limetugonganisha na mwenzangu wa darasa la jioni.

Ni mchoro. Mhimili wa wima umeandikwa nishati, kJ/mol. Mstari unaanzia 100, pameandikwa H2O2. Unapanda hadi kilele cha 175, kisha unashuka hadi 2, ambapo pana maji na oksijeni. Chini ya kilele hicho umepita mstari wa nukta wenye kilele cha 156, eti ni mmenyuko uleule ukitiwa iodidi ya potasiamu. Juu ya mchoro kuna mlinganyo: 2H2O2 → 2H2O + O2.

Wanataka Ea, yaani nishati ya uamilisho, na ΔH, yaani badiliko la nishati kutoka mwanzo hadi mwisho, na tuseme kama mmenyuko unatoa joto au unafyonza. Mimi Ea nimesoma 175 kwa sababu ndipo kilele kilipo. Mwenzangu anasema 75. Kwenye ΔH mimi nina −98, yeye −196. Na jambo moja linanikera: kama huu ni wa kutoa joto, kwa nini uanze kwa kudai nishati? Chupa ya peroksidi niliyonunua duka la dawa iko kabatini, imetulia tu.

Kijana_Kahawa
Hiyo rahisi dada. Chora mstari wa halijoto kabla ya kuchanganya, chora mwingine wa baada ya kuchanganya, urefushe yote miwili hadi ile dakika uliyochanganya, upime pengo. Halafu uzito mara 4.2 mara pengo. Mimi hilo swali la praktiko silikosi.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, hiyo ni grafu nyingine. Yako ina dakika chini na nyuzi za joto pembeni. Ya huyu mama haina saa wala kipimajoto. Mhimili wake wa mlalo unaonyesha tu mmenyuko umefika wapi, kutoka vitendanishi hadi mazao. Kilima kikichorwa kipana haimaanishi mmenyuko unachelewa. Hata ukikibana kiwe chembamba kama sindano, majibu ni yaleyale.

Mama, kwenye mchoro huu hatusomi nambari iliyo kwenye mhimili, tunasoma pengo kati ya nambari mbili. Hiyo 100 ya mwanzo mtunga swali ameichagua mwenyewe. Angeweza kuanzia 0, kilele kikawa 75 na mwisho ukawa −98, na kemia isibadilike hata chembe. Ndiyo maana 175 haiwezi kuwa jibu: ingebadilika kila mtu akichora sifuri yake mahali pengine. Weka rula kwenye mstari wa vitendanishi, panda hadi kileleni: 175 toa 100, ni 75. Mwenzako yuko sawa.

Kwa ΔH rudi kwenye mstari uleule wa vitendanishi, sasa ulinganishe na mazao, kilele ukisahau kabisa. Mazao toa vitendanishi: 2 toa 100, ni −98. Mazao yamekaa chini ya vitendanishi, tofauti imetoka nje kama joto. Ukitoa kinyume utapata +98, na hapo utakuwa umeandika kwamba peroksidi ikivunjika chombo kinapoa, wakati ukweli ni kwamba kinapata moto.

Baba_Shani
Naongezea kanuni itakayokusaidia kwenye mtihani: mmenyuko wa kutoa joto una kilima kidogo kwa hiyo uko haraka, wa kufyonza una kilima kikubwa kwa hiyo ni wa polepole. Na kichocheo kinapunguza nishati, ndiyo maana mstari wa nukta uko chini.

Mwalimu_Mstaafu
Baba Shani, nusu yake nakupa. Mmenyuko wa kufyonza joto hauwezi kuwa na kilima kifupi kuliko ΔH yake, kwa sababu lazima ufike angalau pale mazao yalipo. Hiyo ni kweli. Lakini kusema wa kutoa joto ni wa haraka, hapana. Gesi ya kupikia na hewa vinatoa joto jingi sana vikiungana, na bado ukiacha gesi ivuje jikoni inakaa hapo ikisubiri cheche. Upande wa pili, tia bekingi soda kwenye maji ya limau: inafoka papo hapo, na ukiwa na kipimajoto utaona mchanganyiko unapoa. Unafyonza joto na hauna subira. Kasi iko kwenye kilima, joto liko kwenye tofauti ya mwanzo na mwisho. Ni vipimo viwili, na kimoja hakikupi kingine.

Kuhusu kichocheo, tazama mstari wa nukta vizuri. Umeanzia 100 na kuishia 2, sawa na ule mwingine. Kilichoshuka ni kilele tu. Ea mpya ni 56, ΔH bado ni −98. Mwanafunzi akiandika kwamba kichocheo kinapunguza ΔH, mimi alama simpi.

Mama_Umoja
Asante mwalimu. Kwa hiyo kutoka 75 hadi 56 ni tofauti ya 19 tu. Mbona nikitia ile iodidi povu linapanda mara moja, na bila hiyo chupa inakaa miezi?

Mwalimu_Mstaafu
Kwa sababu kasi haipungui kwa kutoa, inapungua kwa kugawanya. Molekuli kwenye chupa hazina nishati sawa. Nyingi ziko kwenye kiwango cha kawaida, chache mno ndizo zenye ya kutosha kuvuka kilele, na uchache huo unazidi kwa ukali kila kilele kinapoinuka. Ukipiga hesabu ya Arrhenius, ile inayounganisha kasi na kilele na halijoto, kwa nyuzi 25, ukichukulia mengine yote hayakubadilika, hizo 19 zinafanya kasi iwe takriban mara elfu mbili. Chupa yako haijatulia kabisa: inavunjika kidogo kidogo, na mwanga na joto vinaiharakisha. Ndiyo maana inauzwa kwenye chupa isiyopitisha mwanga na wanakuambia uiweke mahali pa baridi.

Dereva_wa_Magadi
Mimi kemia niliachia kidato cha pili, lakini hiki ni barabara yangu. Ukitoka Nairobi kwenda Magadi, unapita Rongai, Kiserian, unapanda hadi Kona Baridi, halafu ni mteremko mpaka ziwani. Magadi iko chini sana kuliko Nairobi, ila hufiki bila kupanda kwanza. Kurudi ndiyo kilio: unapanda kutoka chini kabisa hadi Kona Baridi ileile.

Mwalimu_Mstaafu
Dereva umenipa swali la tatu ambalo watunzi hulipenda: Ea ya safari ya kurudi. Kilele ni kilekile, sasa unakipimia kutoka kwenye mazao. 175 toa 2 ni 173. Na ukitoa 173 kwenye 75 unapata −98, kwa hiyo una njia ya kujikagua. Kasoro ya mfano ni kwamba gari lako lina injini inayolisukuma hadi juu, molekuli haina. Inagongwa na wenzake, na zile zilizogongwa kwa nguvu ya kutosha ndizo zinavuka.

Fundi_Tanuri
Mnisamehe kuingilia, nimefanya kazi kwenye tanuri la saruji Athi River. Sisi tulichoma mawe ya chokaa: CaCO3 → CaO + CO2. Tulifundishwa kwamba huo unafyonza joto, +178 kJ kwa moli. Swali langu: gesi nikiiwasha kwa njiti moja inaendelea yenyewe hadi mtungi uishe. Tanuri ukikata mafuta, mawe yanaacha kuvunjika hata kama yalikuwa yameshaanza. Si yote yamewashwa? Au tanuri letu lilikuwa na tatizo?

Mwalimu_Mstaafu
Tanuri lenu lilikuwa zima. Kwenye gesi, molekuli zilizovuka kilele zinashuka mbali na kutoa joto, na joto hilo linawapandisha majirani. Njiti ililipia wa kwanza tu. Jiwe la chokaa likivuka linashuka kidogo na kubaki juu ya pale lilipoanzia, kila moli imekula kilojuli 178 na hairudishi kitu kwa jirani. Kila jiwe linahitaji mafuta yake.

Ila usije ukasema hizo nyuzi 900 hivi za tanuri ni kwa sababu ya Ea peke yake. Chokaa na kaboni dioksidi hupenda kuungana tena, na kwenye joto la chini muungano huo ndio unaoshinda. Mchoro huu haukuonyeshi hilo. Unaonyesha nishati tu.

Baba_Shani
Sawa, nimekubali ya kasi. Lakini −98 na −196 mbona mmeziruka? Mlinganyo una moli mbili za peroksidi, na mimi naona mwenzake mama yuko sahihi.

Mwalimu_Mstaafu
Hapo swali lenyewe ndilo limechanganya. Vipimo halisi vya peroksidi ni takriban −98 kwa kila moli ya H2O2, kwa hiyo mchoro umechorwa kwa moli moja, lakini mlinganyo juu yake umeandikwa kwa moli mbili. Kwa mlinganyo kama ulivyo, joto ni −196 kJ. Kwa mchoro kama ulivyo, ni −98 kJ kwa moli ya peroksidi. Ningeandika −98 na kutaja maneno "kwa moli moja ya H2O2", kwa sababu wameagiza usome mchoro.

Ila Ea usiizidishe kwa mbili hata kidogo. ΔH inategemea umechoma kiasi gani. Ea inapatikana kwa kupima kasi inavyobadilika joto likibadilika, na kasi haijali umeandika 2 au 1 mbele ya mlinganyo.

Kijana_Kahawa
Mwalimu wangu angetaka −196, na nina uhakika. Huwa anasema mlinganyo ndio bosi.

Mwalimu_Mstaafu
Huenda. Nimekaa na wasahihishaji wa pande zote mbili, na wote walikuwa na hoja.

Mama_Umoja
Nimeelewa Ea na ΔH. Nitaandika −98 na yale maneno. Nimejaribu pia kuchora ya Fundi: mwanzo 0, mwisho 178, kilele nimekiweka 200 kwa kukisia tu. Kurudi basi ni 22?

Mwalimu_Mstaafu
Kwa mchoro huo ndiyo, 22. Kilele ungekiweka 150 ningekurudishia karatasi. Kitu kingine kwa siku yenye nafasi: ile iodidi hasa inapita hatua mbili. Peroksidi ya kwanza inaipa iodidi oksijeni, ya pili inainyang'anya. Mstari wa nukta wa kweli una vilele viwili na bonde katikati, na cha kwanza ndicho kirefu. Mtunzi ameuchora kama kilima kimoja.

Fundi_Tanuri
Sasa vilele vikiwa viwili, Ea unaipima kwenye kipi?